Kijerumani: nikirudisha tafsiri kwa Kiswahili inakuja vilevile, lakini mwalimu anachora nyekundu. Kwa nini?

binti_uuguzi

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Niko mwaka wa kwanza wa mafunzo ya uuguzi hapa Ujerumani, upande wa nyumba za wazee. Kijerumani changu ni B1 kinachojikongoja kwenda B2. Chuoni tunapewa mazoezi ya kuandika ripoti ya zamu kuhusu mzee wa kubuni. Unapewa picha na maelezo mafupi, unaandika ulichokiona.

Mimi huandika kwanza kwa Kiswahili, napitisha kwenye programu ya kutafsiri, kisha nachukua Kijerumani kilichotoka na kukirudisha kwa Kiswahili. Ikirudi sawa najua iko salama. Sasa tazameni hii.

Niliandika: "Bibi ameamka saa moja na nusu asubuhi. Mguu wa kulia umevimba. Bado hajanywa dawa. Amelala baada ya chai."

Ikatoka: "Oma wachte um 1:30 Uhr morgens auf. Das rechte Bein ist geschwollen. Sie hat die Medikamente noch nicht getrunken. Nach dem Tee schlief sie."

Nikairudisha: "Bibi aliamka saa 1:30 asubuhi. Mguu wa kulia umevimba. Bado hajanywa dawa. Baada ya chai alilala."

Si ndiyo hiyohiyo? Mwalimu kachora nyekundu kila sentensi, hakuna iliyopona. Saa nimeigundua mwenyewe baada ya kutuliza akili. Hayo mengine sielewi, na ninachotaka hasa kujua ni kwa nini kurudisha tafsiri hakukunionyesha chochote.

Baba_Tatu

Mdogo wangu, hizo programu usizitegemee kabisa. Vyeti vya shule na cha kuzaliwa lazima vipite kwa mtafsiri aliyeapishwa, wenyewe wanamwita beeidigter Übersetzer, anagonga na mhuri wake. Karatasi ya mashine haikubaliki popote ofisini. Lipia tu, utapunguza safari.

binti_uuguzi

Asante kaka, vyeti vyangu vilishapita salama. Hapa naulizia kuandika mwenyewe darasani.

mkenya_wa_Kassel

Shida iko kwa Kiswahili, si kwa Kijerumani. Hizo programu zimekula Kiingereza kingi sana na Kiswahili kidogo. Andika Kiingereza kwanza halafu upeleke Kijerumani, utaona tofauti. Mimi tangu nianze hivyo hakuna mtu amenichekelea kazini. Kiingereza kitakulazimisha useme kama ni mguu wote ama ni hapa chini tu, na kama ni mwanamume ama mwanamke. Kiswahili kinakuacha tu ukielea.

Kalamu_Kavu

Shikamooni mnaostahili, wengine marahaba. Nimetafsiri kati ya lugha hizi mbili kwa muda mrefu, niruhusuni nichukue nafasi kidogo.

Binti, umeuliza swali zuri kuliko unavyodhani. Kurudisha tafsiri kunakamata kitu kilichopotea au kilichobadilika njiani. Kama mashine imedondosha "bado", au imegeuza aliyempa dawa akawa aliyepewa, utaliona hilo likirudi limepinda. Makosa yako mengi ni ya aina nyingine. Yanatokana na jambo ambalo Kiswahili hakikulisema na Kijerumani hakikubali liachwe bila kusemwa. Mashine ikaamua kwa kubahatisha. Wakati wa kurudi, uamuzi ule unamezwa tena na neno lilelile pana la Kiswahili, kwa hiyo unachokiona ni sura ya sentensi yako mwenyewe.

Chukua mguu. Kwetu mguu ni kuanzia nyonga hadi vidole, na pia ni ile sehemu ya kuvalia kiatu. Kijerumani kina Bein kwa mguu mzima na Fuß kwa sehemu ya chini ya kifundo. Mashine ilichagua Bein. Ingechagua Fuß, bado ungerudishiwa "mguu wa kulia umevimba", herufi kwa herufi. Mkono nao una Hand na Arm, kidole kina Finger cha mkononi na Zeh cha mguuni. Kwa kazi yako hizi ni mali moto, maana daktari akisoma kwamba Bein moja zima limevimba anaanza kufikiria damu iliyoganda kwenye mshipa. Akisoma Fuß anaweza kuanza na mawazo mengine.

Sasa saa. Hapa kuna makosa mawili yanayofutana. Kwenda, mashine ilichukua "saa moja na nusu" ikaandika 1:30, yaani usiku wa manane kwa Mjerumani. Kurudi, ikachukua 1:30 ikaandika 1:30 na "asubuhi" yako ikakaa palepale. Makosa yakiwa na ulinganifu namna hiyo, hata urudishe mara kumi hayaonekani.

"Amelala" ni mtu aliyesinzia, na ni mtu aliyejinyoosha kitandani macho yakiwa wazi anatazama dari. Kijerumani lazima kichague kati ya schläft na liegt. Picha yenu ilionyesha nini?

"Getrunken" ni kosa la namna nyingine: maana imefika lakini Wajerumani hawanywi vidonge kwa kitenzi hicho. Wanasema einnehmen, au nehmen tu. Ukirudisha, mashine inaona dawa na inakupa "kunywa dawa" kwa sababu ndivyo sisi tunavyosema. Inakusawazishia Kijerumani kibovu kikawa Kiswahili kizuri.

Na "Oma" ni nyanya yako wa damu. Kwenye ripoti ya nyumba ya wazee yule ni Bewohnerin, yaani mkazi.

binti_uuguzi

Marahaba, eh, yaani shikamoo mwalimu 🙈. Picha ilionyesha bibi kalala ubavu, macho wazi, anashika rimoti. Na uvimbe ni kwenye kifundo na juu ya wayo.

Kalamu_Kavu

Basi hakusinzia, na ile si Bein.

Kaka wa Kassel yuko sawa nusu. Kiingereza kweli kitamlazimisha achague sehemu ya mguu, na kitamlazimisha achague jinsia. Lakini kuna kitu Kiswahili kinacho na Kiingereza hakina. Sisi tunatofautisha "umekula" na "mmekula". Kijerumani nacho kinatofautisha: du kwa mmoja, ihr kwa wengi, na Sie ya heshima. Kiingereza cha leo kina neno moja kwa wote hao. Ukipitia Kiingereza unaitupa tofauti uliyokuwa nayo mkononi, kisha mashine inabahatisha upya upande wa pili.

Na huenda unaipitia hata usipotaka. Programu nyingi, kwa jozi ya lugha zisizo na maandishi mengi yanayolingana, huenda kwanza kwenye Kiingereza ndani kwa ndani. Unaweza kuipima ya kwako. Andika "Mmekula?" peke yake, kisha "Umekula?", uone kama Kijerumani kinatoka tofauti. Jaribu pia "chemchemi". Ukipata Frühling badala ya Quelle, umeshika alama ya kiatu, kwa sababu majira ya kuchipua na chemchemi ya maji vinakutana kwenye neno moja la Kiingereza, spring. Huenda mashine ilipita hapo.

mkenya_wa_Kassel

Nimejaribu sahii. "Mmekula?" imenipa ya mtu mmoja, du kabisa. Sawa mzee, hapo umenipata. Lakini bado nasema kwa sentensi za kazi za mtu wa tatu, Kiingereza kinaniokoa.

Kalamu_Kavu

Kwa mtu wa tatu sikupingi, mradi Kiingereza chako mwenyewe hakina mashimo. Wengi wetu tunaandika Kiingereza chenye "leg" ya Kiswahili ndani yake.

Msafiri_Maskati

Huku Oman mimi nimekutana na mwenzake wa hili. Naandikia wateja kwa Kiarabu kupitia programu. Meneja wa kampuni moja ni mwanamke, na kila ujumbe wangu ulikuwa unamwita kwa "anta", ya mwanamume. Nikirudisha naona "wewe", niko raha mustarehe. Miezi inapita, siku moja ananijibu kwa upole, "anti, tafadhali." Sasa kabla ya kutafsiri naandika "Bi Meneja, wewe dada..." halafu nafuta "dada" kwenye matokeo. Ni ujanja wa mtaani ila unasaidia.

Kalamu_Kavu

Si ujanja wa mtaani tu, ndiyo kazi yenyewe. Umelazimisha Kiswahili kiseme kilichokuwa hakisemi kabla mashine haijaamua. Binti, fanya hivyohivyo. Kabla ya kubonyeza, soma sentensi yako ukijiuliza Kijerumani kitataka kujua nini zaidi. Andika "bibi mkazi wa nyumba ya wazee", "saa 7:30 kwa saa ya Ulaya", "kifundo cha mguu wa kulia na sehemu ya chini yake", "amejilaza, yuko macho". Kiswahili kitakuwa kizito kama cha mahakamani, haidhuru, hakisomwi na mtu.

Halafu kuhusu kurudisha. Njia hii haikubuniwa kwa ajili ya mashine. Mwaka 1970 mwanasaikolojia Richard Brislin aliandika jinsi ya kuitumia kwenye madodoso ya utafiti, na sharti lake lilikuwa kwamba anayerudisha ni mtu mwingine, asiyeliona andiko la kwanza. Wewe ulimpa mtafsiri yuleyule ajisahihishe. Ukirudisha, tumia programu ya kampuni nyingine. Na kabla ya programu yoyote, rudisha mwenyewe. Acha Kijerumani kilale hadi kesho, funika Kiswahili chako, chukua kamusi ya Kijerumani kwa Kijerumani, Duden au DWDS ziko bure mtandaoni, uandike kwa mkono unachoelewa. Kwa Bein kamusi itakuelezea kiungo kizima, na hapo ndipo utashtuka. Kamusi ya Kijerumani kwa Kiswahili itakuandikia "mguu" tu ikurudishe ulikotoka.

Dada_Zamu

Mimi ni nesi huku kusini, Baden-Württemberg, nimemaliza mafunzo zamani. Nikuongezee upande wa pili, mdogo wangu, maana kuandika ni nusu tu. Kusoma ripoti ya waliotoka zamu ndiko kunakoumiza wageni.

Ripoti zimeandikwa kwa mkato na kwa maneno ya kawaida yenye maana ya kikazi. "Bew. alle 2 Std. gelagert." Programu inakwambia mkazi amehifadhiwa kila baada ya saa 2, kama gunia la mahindi ghalani. Maana yake amegeuzwa mkao kila saa 2 asipate vidonda vya kulalia. Hapa kurudisha kunasaidia kweli: chukua "amehifadhiwa" upeleke Kijerumani, utapata gespeichert au aufbewahrt, gelagert hairudi. Neno likienda halafu lisirudi, simama hapo.

Lakini "Heute reichlich Stuhl" inakuja "leo viti vingi", na viti vikirudi vinakuwa Stühle, karibu sawa kabisa. Hapo kinachokuokoa ni akili yako tu, kwamba nani aliyeleta viti chumbani. Ni choo kikubwa. "Haut unauffällig" inakuja kama ngozi isiyoonekana, kumbe ngozi haina tatizo. "Nüchtern lassen, Blutentnahme um halb acht" inakuja aachwe bila kulewa. Kumbe asile kitu, atatolewa damu. Na halb acht ni 7:30, nusu ya kuelekea saa nane yao, kwa saa yetu saa moja na nusu. Nimeona programu ikiandika 8:30. Ukifika saa hiyo mzee ameshakunywa chai na damu haina maana tena.

Hizo za kuchekesha si hatari sana, kwa sababu zinachekesha. Ya kuogopa ni ile inayokuja na maana inayoingia akilini. "Ibuprofen abgesetzt." Nimeona inakuja "Ibuprofen imewekwa". Unasoma unaona sawa, dawa ipo. Kumbe imesitishwa.

binti_uuguzi

Hiyo ya mwisho imenisisimua mwili. Sasa hapo mtu anajuaje? Maana haichekeshi, na nikirudisha "imewekwa" huenda nikapata kitu kinachofanana.

Dada_Zamu

Kwa kitenzi. Mimi nilijizoeza kutoamini kitenzi chochote chenye kichwa kinachokatika: ab, an, auf, ein, fort. Setzen peke yake ni kuweka. Absetzen kwenye dawa ni kusitisha, ansetzen ni kuanzisha, fortsetzen ni kuendelea nayo. Tatu, maagizo matatu tofauti.

Na kwenye sentensi kamili hicho kichwa kinakimbilia mwisho. "Wir setzen das Antibiotikum nach Rücksprache mit dem Hausarzt ab Montag ab." Tazama, kuna ab mbili. Ya kwanza ni "kuanzia" Jumatatu, ya pili ndiyo ya kitenzi, ndiyo inayosema tunasitisha. Nimemwona mwenzetu akipiga picha ubao kwa kamera ya kutafsiri, mstari wa pili ukabaki nje. Programu haikulalamika, ikamtengenezea sentensi safi kwamba wanaanza antibiotiki Jumatatu. Mashine haisemi "sentensi imekatika". Inaijaza.

Kwa hiyo nenda mwisho wa sentensi kwanza, ukiona kipande kimesimama peke yake mwishoni kiunganishe na kitenzi cha mwanzo, kisha utafute neno zima kwenye kamusi. Usiitafsiri sentensi kabla hujafanya hivyo. Na usipige picha ubao wenye majina ya wazee. Siri ya mgonjwa hapa ni sheria, na hujui programu inayapeleka wapi. Andika maneno tu bila jina.

mkenya_wa_Kassel

Hiyo ya picha ni kweli. Kwetu simu zinabaki kwa kabati.

Baba_Tatu

Namba je? Mimi naona angalau namba mashine haikosei.

Kalamu_Kavu

Namba inaweza kuja bila kubadilika na ndilo tatizo. Mjerumani akiandika 1.500 ml anamaanisha elfu moja na mia tano, nukta yake inatenga maelfu. Akiandika 2,5 mg ni mbili na nusu. Sisi tumezoea kinyume. Mashine wakati mwingine hugeuza, wakati mwingine huacha, na ukirudisha huwezi kujua ni ipi imetokea. Namba zisome kwenye andiko la Kijerumani, kwa sheria ya Kijerumani, usizisome kwenye tafsiri kabisa. Na ukikuta 1-0-1-0 kwenye orodha ya dawa, usiitafsiri: ni asubuhi, mchana, jioni, usiku.

binti_uuguzi

Nimefanya upya usiku huu. Nilibadilisha Kiswahili kwanza, nikatumia programu mbili, nikarekebisha kwa kamusi. Imetoka hivi:

"Die Bewohnerin ist um 7:30 Uhr aufgewacht. Der rechte Fuß ist geschwollen. Sie hat ihre Medikamente noch nicht eingenommen. Nach dem Tee hat sie sich hingelegt und ist wach."

Niliporudisha kwa programu ya pili, "Fuß" ikaja "mguu" kama mlivyosema, ila safari hii nilishajua. Kitu kimoja kimenishangaza: "noch nicht" mara moja ilirudi "hakunywa" bila "bado". Nikajua hiyo ndiyo inayokamatika.

Kalamu_Kavu

Naam, na ilikuwa kosa la njia ya kurudi, Kijerumani chako kiko sawa. Hilo nalo lizoee. Tafsiri ya kurudi ikipinda, usikimbilie kufuta ya kwenda. Kwanza amua ni safari ipi iliyopinda, na kamusi ndiyo hakimu.

Dada_Zamu

Mdogo wangu, mbili tu. Kwanza, huku kwetu wazee wa Kiswabia wakisema "Fuß" wanaweza kumaanisha mguu wote kuanzia nyonga. Nimeambiwa "mein Fuß tut weh" na mkono uko gotini. Kalamu_Kavu sijui unasemaje, lakini mimi kwenye ripoti huandika Knöchel, kifundo, halafu sehemu nyingine ninayoiona, ili yeyote asome vilevile.

Kalamu_Kavu

Kwenye ripoti rasmi Fuß inaeleweka kwa maana ya kamusi. Lakini ukinukuu maneno ya mzee mwenyewe, weka alama za kunukuu na uandike alipoonyesha. Sitabishana na mtu wa wodini kuhusu Knöchel.

Dada_Zamu

Pili, "aufgewacht". Ulikuwepo akifumbua macho saa 7:30, au uliingia ukamkuta yuko macho? Kama ulimkuta, andika "war um 7:30 Uhr wach". Na kama alikuwa ameshatoka kitandani, hiyo ni aufgestanden. "Ameamka" yetu inabeba zote tatu.

binti_uuguzi

Kwa kuamka karatasi ya zoezi ina picha nyingine tu, saa ukutani na bibi ameketi ukingoni mwa kitanda. Nitamuuliza mwalimu Jumatatu.

mkenya_wa_Kassel

Akikujibu rudi utuambie, mimi ningeandika aufgestanden.

Dada_Zamu

Ameketi kitandani, kaka. Hajasimama.